Kitambulisho kimetoka vibaya? Kagua leyauti kwanza kabla hujaigusa printa

Nataka kuongelea hizi kadi za plastiki, vitambulisho vya wafanyakazi na vya wanachama, zile saizi ya kadi ya benki zenye picha upande mmoja, jina, namba na mara nyingine bakodi chini. Naziprinti kila wiki, na kitu ambacho naona kinasumbua watu wengi ni kwamba kadi ikitoka vibaya mtu anakimbilia kulaumu printa, anabadilisha riboni, anasafisha kichwa cha printa, anaita fundi, kumbe tatizo lilikuwa kwenye faili tangu asubuhi. Na riboni ya rangi haina huruma, kadi moja inakula seti nzima ya rangi hata kama umeprinti nukta moja tu, kwa hiyo kila kadi ya kujaribu ni hasara kamili.

Kwa hiyo kabla hujafanya chochote fanya hili jaribio moja. Chukua leyauti yako, izungushe nyuzi 180 kwenye draiva ya printa (karibu zote zina hiyo sehemu, inaandikwa Rotate 180), printi kadi moja afu weka pembeni ya ile ya kwanza. Kama kasoro imehama pamoja na dizaini, yaani ilikuwa juu ya picha na sasa bado iko juu ya picha ila picha imegeuka, basi kasoro iko kwenye faili. Kama kasoro imebaki palepale kwenye plastiki, mfano mstari mwembamba mweupe ulionyooka kufuata urefu wa kadi na uko sehemu ileile siku zote, hiyo ni printa, na mstari wa namna hiyo mara nyingi ni uchafu kwenye kichwa au nukta ya kichwa imekufa. Ukisafisha kwa kadi ya usafi na spiriti ya aisopropili ukaona bado upo, hapo ndo umwite fundi. Vidoadoa vyeupe vinavyohamahama kila kadi ni vumbi au mafuta ya vidole, shika kadi kwa kingo na ubadilishe roli ya usafi. Basi, printa yenyewe naiachia hapo, mengine yote yaliyobaki ni ya leyauti.

Kadi ina ukingo mweupe upande mmoja, au maandishi yamekatwa

Kadi ya kawaida ni milimita 85.6 kwa 54, unene 0.76. Printa nyingi za kadi zinaprinti nukta 300 kwa inchi, ukipiga hesabu unapata pikseli kama 1011 kwa 638. Sasa watu wengi wanadizaini kwenye karatasi ya A4, wanachora boksi lenye ukubwa wa kadi katikati, afu wanashangaa kadi imetoka na dizaini ndogo imekaa kona. Ukurasa wenyewe unatakiwa uwe saizi ya kadi, sio boksi ndani ya ukurasa.

Sababu ya pili ni ile PDF. Ukiprinti kutoka kwenye PDF, dirisha la kuprinti mara nyingi linakuja likiwa limechagua Fit, na Fit inapunguza kila kitu kidogo ili kiingie ndani ya ukingo ambao programu inadhani upo. Chagua Actual size. Mimi kwenye kadi yangu ya majaribio nimechora mstari wa milimita 50 kamili, nikiprinti naupima na rula ya shule, ukitoka 48 najua kuna mahali pamebana na siendelei mbele mpaka nimepapata.

Ukishahakikisha saizi iko sawa na bado kuna kauzi cheupe pembeni, hapo ni kwamba bekigraundi yako imeishia pale pale kadi inapoishia. Kadi ikiingia kwenye printa inacheza kidogo, hata nusu milimita, na hiyo nusu inaonekana kama uzi mweupe hasa ukiwa na rangi nzito kama bluu iliyokolea. Sogeza bekigraundi izidi ukingo kama milimita moja kila upande, na usiweke maandishi wala logo ndani ya milimita 3 kutoka ukingoni. Ila niseme ukweli, zile printa zinazoprinti moja kwa moja juu ya kadi ukingo wa mwisho kabisa huwa zinauacha kidogo, hilo haliondoki kwa kuhangaika na faili. Mteja akitaka rangi nzito mpaka ukingoni mimi namshauri abadilishe dizaini, mkanda wa rangi uwe juu tu au katikati na pembeni pawe peupe, ule uzi unapotea machoni mwa mtu maana nyeupe juu ya nyeupe haionekani. Na tena rangi nzito ukingoni inafanya riboni ijikunje na wakati mwingine ikatike, hivyo unaokoa vitu viwili kwa mpigo.

Maandishi meusi yametoka ya kahawia, au yana ukungu pembeni

Hili ndo swali ninaloulizwa kuliko yote, na wengi wanadhani riboni ni feki.

Angalia boksi la riboni yako, limeandikwa YMCKO. Herufi tatu za mwanzo ni njano, nyekundu ya waridi na bluu ya samawati, hizi zinapashwa moto na rangi inaingia ndani ya plastiki kama mvuke, ndizo zinazotengeneza picha ya mtu. K ni nyeusi, lakini hii ni kitu tofauti kabisa, ni utomvu mweusi unaobandikwa juu ya kadi kama lakiri, una ukingo mkali na weusi wa kweli. O ni ile nailoni ya juu ya kulinda. Sasa printa inaweza kutengeneza nyeusi kwa njia mbili, ichanganye rangi tatu au itumie K. Ikichanganya rangi tatu unapata weusi wenye ukahawia na ukungu kwenye ukingo wa herufi, ikitumia K unapata herufi safi kama za kitabu.

Nani anaamua? Anayeamua ni faili lako. Draiva inatafuta nyeusi tupu, RGB 0,0,0, ikiikuta inaipeleka kwa K. Ikikuta nyeusi iliyo karibu tu na tupu, inaichukulia ni rangi kama rangi nyingine na inaichanganya. Na hapa ndo kuna mtego ambao umenisumbua miezi kabla sijaujua. Ukidizaini kwenye CorelDRAW ukabofya ile nyeusi ya kwanza kwenye palete, mara nyingi unakuwa umechagua nyeusi ya CMYK, K 100, kwa jicho ni nyeusi tii, lakini ikigeuzwa kwenda RGB inakuwa kitu kama 35,31,32. Printa inaona kijivu kilichokolea sana, sio nyeusi. Chagua maandishi yote, ingia kwenye rangi, badilisha kuwa RGB andika 0, 0, 0 kwa mkono.

Mtego wa pili ni kusevu leyauti nzima kama JPEG afu ndo unaiprinti. JPEG inabana faili kwa kuchafua kidogo kila ukingo mkali, nyeusi ya ukingoni mwa herufi inakuwa 8,5,9 mara 12,10,11, na hapo K inashika nukta hapa inaruka pale, herufi inatoka imeliwaliwa. Maandishi yaache yawe maandishi mpaka yafike kwenye printa. Picha ya mtu ndo iwe JPEG, jina na namba viwe fonti hai juu yake.

Namna ya kujua bila kubahatisha, chukua ile kadi uitazame kwa kuilaza dhidi ya mwanga wa dirisha. Nyeusi ya K inaonekana imekaa juu ya plastiki, unaweza kuona kimwinuko kidogo na mng'ao tofauti. Nyeusi ya kuchanganya iko ndani, iko sawa na kadi. Ukiwa na kioo cha kukuzia ni rahisi zaidi, ya kuchanganya ina pindo lenye rangirangi.

Nywele au hijabu zimetoka kama zimepakwa lami

Huu ni ugonjwa kinyume cha ule wa juu, na sisi unatupata zaidi kwa sababu ya picha zetu. Mtu amesoma kwamba K ndo nzuri, ameingia kwenye draiva akawasha K kwa kila kitu cheusi kwenye ukurasa, maandishi na picha. Sasa dada amevaa hijabu nyeusi, au kaka ana suti nyeusi na nywele fupi. Sehemu zote za picha ambazo ni 0,0,0 zinachukuliwa na K, jirani yake ambayo ni 6,6,6 inachanganywa, na unapata kiraka cheusi chenye ukingo wa kuchanika katikati ya kichwa cha mtu, kinang'aa tofauti na nywele zilizobaki. Nimeona kadi ya mama mtu mzima hijabu yake imekaa kama ramani, na alikuwa amejipendezesha kweli siku ya kupiga picha, inauma.

Tiba ni mbili na mimi nafanya zote. Kwanza kwenye draiva chagua K itumike kwa maandishi tu, isiguse picha, au kama draiva yako inaruhusu kuchora eneo, chora boksi la picha uliweke nje ya K. Pili, hakikisha kwenye picha hakuna nyeusi tupu hata nukta moja. Kwenye Photoshop ingia Levels, ile mistari ya chini ya Output, badilisha 0 iwe 10. Nyeusi yote inapanda kidogo sana, jicho halioni lakini printa inaona.

Ukiwa na picha 200 hutafungua moja moja. Mimi natumia ImageMagick, programu ya kurekebisha picha kwa kuandika amri, naweka picha zote kwenye folda moja, natengeneza folda ndani yake naiita tayari, afu nafungua dirisha la amri ndani ya hiyo folda ya picha naandika hii:

```
magick mogrify -path tayari -auto-orient -resize "480x600^" -gravity center -extent 480x600 +level 4%,100% -quality 95 *.jpg
```

Hapo kuna vitu vinne ndani. `-auto-orient` inasimamisha zile picha za simu ambazo kwenye simu zimesimama ila ukizipeleka kwenye programu ya kadi zinalala. `-resize` na `-extent` zinakata picha iwe uwiano wa 4 kwa 5 bila kumvuta mtu. `+level 4%,100%` ndo inayopandisha nyeusi. Angalia ni alama ya kujumlisha, ukiweka ya kutoa inafanya kinyume chake na picha zinakuwa nyeusi zaidi. Na originali zako zinabaki kama zilivyo, matokeo yanaenda kwenye tayari.

Uso umevimba, umerefuka, au umekuwa mweusi usiotambulika

Uso uliovimba au kurefuka sababu yake ni moja tu, fremu ya picha kwenye leyauti ina uwiano mmoja na picha ina mwingine, na programu imeambiwa ijaze. Amua uwiano kabla hujaanza. Mimi fremu yangu ni milimita 24 kwa 30, ambayo ni 4 kwa 5, na kila picha inakatwa 4 kwa 5. Kwa nukta 300 fremu hiyo inahitaji pikseli 283 kwa 354 angalau, ndo maana 480 kwa 600 inatosha na inabaki chenji. Picha iliyotumwa kwenye wasap ya kikundi ikapigwa skrinishoti afu ikakatwa uso tu, hiyo unaweza kukuta ina pikseli 120 kwa upana, na hakuna printa duniani itakayoirudisha.

Uso kuwa mweusi mno ni jambo la mwanga. Simu ikiona ukuta mweupe unaong'aa nyuma ya mtu inapunguza mwanga wa picha nzima, anayeumia ni mtu. Na kadi ikitoka huwa inaonekana imekolea kuliko skrini, maana skrini ina taa nyuma. Mpige mtu akiwa amesimama kivulini karibu na mlango, uso wake ukiangalia nje kwenye mwanga na wewe ukiwa mgongo wako nje. Nyuma yake weka kitambaa cha bluu hafifu au kijivu hafifu, sio nyeupe. Nyeupe ina shida nyingine pia, mzee akija na kanzu nyeupe na kofia nyeupe mabega yote yanapotea kwenye kadi, unabaki uso unaelea. Kama picha zimeshapigwa na huwezi kurudia, ongeza `-gamma 1.15` kwenye ile amri ya juu kabla ya `+level`, printi kadi moja ya mtu mweusi zaidi na moja ya mweupe zaidi kwenye kundi, ukiridhika na zote mbili ndo uendelee.

Namba imepoteza sifuri, au kadi ina sura ya mtu mwingine

Haya yote ya juu ni ya macho, mtu akiona ananuna afu anasamehe. Hili la sasa ni zito, maana kadi inatoka nzuri kabisa, safi, na ni ya uongo.

Sifuri kwanza. Namba ya mwanachama ni 000147. Katibu ametuma orodha ya CSV, wewe umeibofya mara mbili ikafunguka kwenye Excel, na Excel imeona tarakimu tupu ikasema hii ni namba, ikatupa sifuri zote, umebaki na 147. Ukisevu tu, faili limeshaharibika. Ishara yake ni rahisi, kwenye Excel kitu kilichokaa kulia kwa seli kimechukuliwa kama namba, kilichokaa kushoto ni maandishi. Namba za wanachama zinatakiwa zikae kushoto. Usibofye faili, ingia Data, chagua From Text/CSV, afu hiyo safu iweke Text. Kama sifuri zimeshapotea na unajua namba zote ni tarakimu sita, fungua safu mpya andika

```
=TEXT(A2,"000000")
```

uvute mpaka chini, na hiyo safu mpya ndo uiunganishe na leyauti. Na ukishasevu CSV usiifungue tena kwa kubofya eti unahakiki, itazitupa tena. Hakiki kwa Notepad.

Sura sasa. Nielezee jinsi lilivyotokea, kwa sababu ukilisikia utaona lilivyo jepesi kuingia. Ilikuwa kazi ya chama cha akiba na mikopo, wanachama 212. Picha zilipigwa siku ya mkutano, watu wakipanga foleni kwa mpangilio wa orodha, kijana wangu akipiga tu, mafaili yanajipa namba yenyewe kwenye kamera. Jioni tukayabadilisha majina kwa mkupuo, picha ya kwanza ikawa 000001, ya pili 000002, hivyo hivyo mpaka mwisho. Idadi ikagoma, picha zilikuwa 213. Nikatafuta nikaona moja ya mwisho imetoka na ukungu nikaifuta, 212 kwa 212, nikaanza kuprinti.

Nilipofika kadi ya 90 na kitu mama katibu akapita ofisini kuchukua za mwanzo, akazipekua, akanyamaza, akasema, "Kijana wangu, huyu ni shemeji yangu lakini jina hili ni la jirani yake." Nikaziangalia upya. Mpaka ya 62 ziko sawa. Wa 63 alikuwa amefumba macho, kijana akampiga mara mbili, kwa hiyo picha ya 64 ilikuwa bado ni ya yule yule wa 63, na kuanzia hapo kila mtu amepewa sura ya aliyemtangulia. Na kwa sababu wanaume na wanawake walikuwa wamepanga foleni mbili tofauti, macho yangu hayakushtuka, sura ya mwanaume na jina la mwanaume. Ile ya ukungu niliyoifuta ilikuwa ndo picha pekee ya mtu wa mwisho. Kadi zaidi ya 30 nikazikata vipande nikanunua nyingine kwa hela yangu, maana kadi yenye sura ya mtu na namba ya akaunti ya mwingine haitakiwi ibaki nzima hata kwenye pipa la taka.

Tangu siku hiyo kuna mambo mawili siyaachi. La kwanza, kila mtu kabla hajapigwa picha anashika kikaratasi chenye namba yake kifuani, napiga moja ya kikaratasi afu ya pili ya uso, na jina la faili linatolewa kwenye kikaratasi, sio kwenye foleni. Leyauti inatafuta picha kwa namba, mtu 000147 picha yake ni 000147.jpg, mpangilio wa orodha hauna kazi tena. La pili, kabla ya kuprinti hata kadi moja natoa karatasi za A4 za kawaida, kila moja ina sura 20 na jina na namba chini yake, nampelekea katibu na kalamu nyekundu anapitia na kusaini. Yeye anawajua watu wake, mimi siwajui. Karatasi 11 zinatosha kwa watu 212.

Na kitu kinachofanana na hicho, mtu akipanga orodha kwa alfabeti kwenye Excel akiwa amechagua safu ya majina tu, majina yanahama, namba zinabaki. Excel huwa inauliza kama upanue uchaguzi, ukikubali uko salama, ukikataa umewachanganya watu wote. Chukua watu watano kutoka sehemu tofauti za orodha, wa mwanzo, wa mwisho na watatu wa katikati, walinganishe na daftari la chama. Ukiwa umehamisha safu, watano hao watakuonyesha.

Jina halitoshi

Majina matatu ya kwetu ni marefu, na sampuli ya dizaini huwa imetengenezwa na jina fupi. Kadi ikishatoa ukingo na picha inabaki na kama milimita 50 za maandishi. Herufi kubwa za Arial saizi 10 zinakula kama milimita 2.4 moja moja, jina la herufi 34 linataka zaidi ya milimita 80, halitaingia hata uombe. Watu wanawasha ile ya kupunguza fonti yenyewe, na unakuta Asha ana jina kubwa la kusomeka na Mwanahamisi jina lake limekuwa saizi 5, halisomeki hata kwa miwani. Weka nafasi ya mistari miwili tangu mwanzo, saizi moja kwa wote, usishuke chini ya 7. Kwenye orodha hesabu herufi za kila jina kwa `=LEN(B2)` uvute mpaka chini, lenye namba kubwa ndo refu kuliko yote, dizaini kwa jina hilo, wengine wote watakaa.

Bakodi imeprintika vizuri ila skana haisomi

Kama umesoma ile ya K nusu ya jibu unayo, bakodi lazima iwe K, iliyochanganywa ina ukungu pembeni na mistari inagusana. Na skana nyingine zinatumia mwanga usioonekana kwa macho ambao zile rangi tatu zikichanganywa haziuzuii kama K, jicho linaona nyeusi, skana inaona pameachwa wazi.

Nusu ya pili ni upana. Kwa nukta 300, nukta moja ni milimita 0.085. Mstari mwembamba kuliko yote kwenye bakodi unatakiwa uwe na nukta kamili, na mimi naweka 3, yaani karibu 0.25. Mtu akishika kona ya bakodi akaivuta kwa mausi mpaka itoshe nafasi, mstari unakuwa nukta 2 na kitu, printa inakadiria, huu inaufanya 2 ule 3, na skana inachanganyikiwa. Usiivute. Weka upana kwenye mipangilio ya bakodi kwa tarakimu, afu kadi ijipange kuifuata.

Kama haitoshi punguza herufi, sio upana. Chukua ile aina ya bakodi inayoitwa Code 128, ukiandika SC000147 kwa nukta 3 inakuwa kama milimita 26 mpaka 31 kutegemea programu, ukiandika 000147 tarakimu tupu inakuwa kama 17, kwa sababu Code 128 inafunga tarakimu mbili mbili kwenye nafasi ya herufi moja. Hizo SC ziandike kama maandishi ya kawaida juu yake, skana haizihitaji. Pande zote mbili acha peupe milimita 2.5 angalau, pasiguse mkanda wa rangi wala mstari wa fremu. Na mistari isiwe nyekundu hata kama rangi ya chama ni nyekundu, skana nyingi zina mwanga mwekundu na kwake nyekundu ni sawa na nyeupe.

Ukijaribu, jaribu na skana ile ile itakayotumika mlangoni au dirishani kwao, usijaribu na simu. Simu ina kamera nzuri inasoma hata bakodi mbovu, utaipitisha hapa afu ikagome kule.

Tundu la kamba limetoboa logo

Hili fupi. Tundu la kawaida la kamba ni kama milimita 14 kwa 3. Kabla hujaanza kudizaini uliza kadi itavaliwa imesimama au imelala, na itatobolewa au itawekwa kwenye kava, kama inatobolewa chora hilo tundu kwenye leyauti kwenye leya isiyoprintiwa, milimita 4 mpaka 5 kutoka juu, na usiweke kitu hapo. Usitoboe kadi kabla ya kuprinti, ukingo wa tundu unachana riboni na unaweza kukwaruza kichwa, printi kwanza toboa baadaye. Na kama kadi ina chipu ndani, uliza antena imepita wapi kabla ya kutoboa, ukiikata kadi itabaki na sura nzuri na mlango hautafunguka.